Stashahada ya 1991, Lotus 1-2-3 na kazi ya miaka 28: kipi kitoke kwenye wasifu, kipi kibaki?

"Nina miaka 56. Nilipunguzwa kazini baada ya miaka 28 katika kampuni moja, kitengo cha mishahara. Nilianza kama karani mwaka 1996 na kuondoka 2024 nikiwa msimamizi. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga chapa kwa miaka mitano. Wasifu wangu una kurasa nne, nimetuma maombi zaidi ya 20 na sijaitwa hata mara moja. Mwanangu anasema umri ndio unaonikwamisha: nifute kila kitu cha kabla ya 2013, nitoe programu za zamani za Lotus na dBase, na mwaka wa stashahada niandike 2005 badala ya 1991. Wiki iliyopita nilifanya hivyo kwenye maombi mawili, na tangu hapo silali vizuri. Je, huu si uongo? Na kama ni uongo, mtu wa umri wangu afanyeje?"

Dada yangu, mwanao amekuletea vitu viwili katika kikapu kimoja, kimoja kizima na kingine kibovu, na usingizi umekuruka kwa sababu umevila pamoja. Kuuondoa mwaka wa stashahada ni halali. Kuugeuza kutoka 1991 kuwa 2005 ni kughushi, hata kama stashahada ni yako na uliitolea jasho. Yale maombi mawili nitayarudia mwishoni, maana bado yanarekebishika.

Wasifu si kiapo cha mahakamani. Anayeusoma anajua kwamba umechagua cha kumwonyesha. Kijana wa miaka 26 haandiki kwamba aliwahi kuosha magari wakati wa likizo, na hakuna anayemwita mwongo. Kwa hiyo kabla ya kufuta mstari wowote, mimi huuliza mambo matatu. Mistari iliyobaki, ikisomwa bila ile iliyotoka, ni ya kweli? Nikiulizwa ana kwa ana juu ya kilichotoka, nitajibu bila kubabaika? Na je, kuna mahali nimeambiwa nitaje yote bila kuacha kitu?

Tuutazame mwaka wako wa stashahada kwa macho hayo. Ukiandika "Stashahada ya Uhasibu" na jina la chuo, bila mwaka, mstari ni wa kweli. Msaili akiuliza ulimaliza lini, unamjibu 1991 na maisha yanaendelea. Ukiandika 2005, mstari wenyewe umeshakuwa wa uongo, na siku ya kupeleka cheti halisi, cheti kitakusuta. Waajiri wengi huweka kwenye mkataba kwamba taarifa ya uongo katika maombi ni sababu ya kufukuzwa, hata ikigundulika miaka mitatu baadaye. Yaani ungekuwa umeingia kazini na barua yako ya kufukuzwa mfukoni.

Sasa nikueleze kinachotokea upande wa pili wa meza, ambako nimekaa miaka mingi nikichuja maombi. Wasomaji wa wasifu tuna tabia moja ambayo hatupendi kuikiri: tunafanya hesabu ya kutoa. Jicho likikuta stashahada ya 1991, kichwa kinaweka miaka 22 hapo na kinapata jibu kabla ya kufika mstari wa pili. Mara nyingi hata hatukukusudia. Shida ni kwamba jibu hilo likishaingia, kila kinachofuata kinasomwa kwa mwanga wake. Kurasa nne zinakuwa "huyu hajui kufupisha". Lotus inakuwa "huyu aliacha kujifunza zamani". Usimamizi wa miaka kumi unakuwa "atataka mshahara mkubwa, na hatakubali kuelekezwa na bosi wa miaka 34". Hakuna hata moja kati ya hayo uliyoulizwa, na yote umeshajibiwa kwa niaba yako.

Hili si hisia zangu tu. Mwaka 2019 jarida la Journal of Political Economy lilichapisha utafiti wa David Neumark na wenzake wawili. Walituma maombi ya kubuni zaidi ya 40,000 kwa waajiri wa Marekani, wasifu zikiwa za watu wa takriban miaka 30, 50 na 65. Waajiri waliujua umri wa mwombaji kupitia kitu kimoja kidogo, mwaka wa kumaliza sekondari. Wanawake wenye umri mkubwa waliitwa mara chache kuliko wale vijana, na waliokaribia 65 waliumia zaidi. Kwa wanaume ushahidi haukuwa na nguvu kiasi hicho. Kwa hiyo mwanao hakukosea kuhusu ugonjwa, alikosea dawa moja tu.

Kinachofanywa na kupunguza ni kuchelewesha ile hesabu ya kutoa mpaka msomaji awe ameiona kazi yako. Basi. Siku ya usaili utaingia mlangoni na uso wako, na hakuna atakayedhani una miaka 38. Ukilielewa hilo, utaacha kujaribu kuonekana kijana kwenye karatasi, na utaanza kujaribu kuonekana mtu wa kazi ya leo.

Tuje kwenye fundo lenyewe, yaani miaka 28 kwa mwajiri mmoja. Ushauri wa kawaida husema "onyesha miaka 10 hadi 15 ya mwisho", na kwa aliyebadilisha waajiri mara nne ushauri huo ni mwepesi, anakata kwenye kiungo. Wewe huna kiungo. Ukiandika jina la kampuni na kando yake "2013–2024", umesema uliingia pale 2013, na hilo si kweli. Mwajiri mpya akipiga simu kuhakiki, ofisi ya rasilimaliwatu itamwambia "alianza 1996". Hapo hata kama hukukusudia kudanganya, utaonekana umedanganya, na utakuwa na kazi ya kujieleza kwa mtu ambaye hajakujua bado.

Njia ya kweli ni kuweka miaka kwenye cheo badala ya kuiweka kwenye kampuni. Hukunitajia mwaka wa kupandishwa, ila mwanao anakata 2013, nami nachukulia kwamba ndio mwaka uliokabidhiwa usimamizi. Wasifu wako wa sasa, nadhani, unasomeka hivi:

"Jina la kampuni, 1996–2024. Karani wa mishahara 1996–2004, mhasibu wa mishahara 2004–2013, msimamizi wa mishahara 2013–2024. Kazi: kuandaa mishahara ya kila mwezi, kukokotoa makato, kutunza majalada ya wafanyakazi, kupiga chapa barua za kitengo, kutuma faksi benki, na kazi nyingine nilizopangiwa."

Ningeuandika upya hivi:

"Msimamizi wa mishahara, 2013–2024, jina la kampuni. Nilipanda hadi cheo hiki kutoka nafasi za karani na mhasibu wa mishahara katika kampuni hiyohiyo. Niliongoza watu 4 na kulipa wafanyakazi 640 kila mwezi. Nilipunguza siku za kufunga hesabu za mishahara kutoka 6 hadi 3 kwa kulinganisha orodha ya mahudhurio na ya malipo kabla ya tarehe 20. Mwaka 2017 nilisimamia kuhamisha kumbukumbu za mishahara kwenda mfumo mpya, tukiendesha mifumo miwili sambamba kwa miezi 3 hadi tofauti zikaisha."

Namba na mfumo ni za mfano, weka zako halisi. Lakini itazame ile sentensi ya "nilipanda", maana ndiyo inayobeba ukweli wote. Inamwambia msomaji kwamba ulikuwapo kabla ya 2013, ikifunga njia ya kuitwa mwongo, na hapohapo inamwonyesha kwamba watu waliokujua walikuamini hatua kwa hatua. Kitu pekee ilichokiacha ni namba ya kutoa. Akitaka kujua ulianza lini, atauliza, na utamjibu "1996, nikiwa karani". Mfanye mdhamini wako ajue pia kwamba wasifu unataja miaka ya cheo, ili akipigiwa simu asishtuke.

Kuna wanaokwepa fundo hili kwa kuandika wasifu wa ujuzi mtupu: vichwa kama "Uongozi", "Mishahara", "Mawasiliano", na chini kabisa orodha ya waajiri bila miaka yoyote. Siupendekezi. Sisi wachujaji tukiukuta wasifu usio na tarehe hata moja, cha kwanza tunachowaza ni kwamba kuna shimo linafichwa, na mara nyingi tunawaza jambo baya kuliko umri. Pia mifumo ya kompyuta inayopokea maombi hutafuta cheo, mwajiri na miaka vikiwa pamoja, na isipovipata huacha nafasi hizo wazi. Tarehe zako za miaka 11 ya mwisho ziache zionekane vizuri.

Miaka mitano ya upigaji chapa itoke nzima. Haiongezi kitu kwenye nafasi ya mishahara, na hakuna anayedaiwa kuieleza. Ingekuwa tofauti kama kazi hiyo ya mwanzo ingekuwa na kitu ambacho nafasi mpya inakihitaji, tuseme ulifanya kazi benki na sasa unaomba kwenye taasisi ya fedha. Hapo ningeiwekea mstari mmoja chini ya kichwa "Uzoefu wa awali", cheo na aina ya mwajiri, bila miaka. Mstari mmoja tu, usiuache uwe aya.

Utangulizi wako nao, kama unafanana na wengi ninaowasoma, unaanza na "Mhasibu mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 30". Najua inauma kuifuta sentensi hiyo, maana ndiyo medali yako. Lakini inamfanyia msomaji ile hesabu ya kutoa kwa niaba yake, na haimwambii unajua nini. "Msimamizi wa mishahara mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 10 wa kulipa wafanyakazi zaidi ya 600" ni kweli, kwa sababu 11 ni zaidi ya 10, na inaongelea kile anachokitafuta. Usishuke kupita hapo. Ukiandika "miaka 5" ili upate nafasi ya chini, maana inayobaki kichwani mwa msomaji ni kwamba huna zaidi ya mitano, na utalipwa kama mwenye mitano.

Kwenye ujuzi watu wengi hukosea kwa kufuta sana au kufuta kidogo. Kuna zana iliyozeeka na kuna maarifa yaliyojifunzwa kupitia zana hiyo, na hivyo viwili havizeeki pamoja. Lotus 1-2-3 imekufa. IBM iliacha kuihudumia mwaka 2014. dBase, WordPerfect, Windows 98, faksi na kasi ya kupiga chapa viende nayo. Siyo kwamba ni aibu. Ni kwamba hakuna atakayekuajiri ili uvitumie, na vikikaa kwenye orodha vinakula nafasi ya mambo yanayotumika. Lakini ulichokifanya ndani ya Lotus, yaani kuligawanya deni la mfanyakazi kwenye miezi, kulinganisha malipo na taarifa ya benki, kunusa kosa la makato kabla halijalipwa, bado ni kazi ileile leo. Hayo yabaki, bila jina la programu.

Kipimo changu kwa kila mstari wa ujuzi ni rahisi: mtu anayefanya kazi hii leo, awe na miaka 28 au 58, angeuandika? "Ujuzi wa kompyuta" asingeandika, ni kama kuandika kwamba unajua kutumia simu. "Microsoft Word" peke yake vilevile. "Excel" nayo, ikiachwa hivihivi, haisemi kitu, kwa sababu anayepaka rangi seli na anayelinganisha malipo 640 wote wanaandika Excel. Sema unachokifanya nayo: "Hulinganisha orodha ya mishahara na ya benki kwa XLOOKUP, na hutengeneza muhtasari wa makato kwa PivotTable." Msimamizi wa mishahara akisoma hivyo anajua papo hapo kwamba mikono yako iko kazini.

Hapa ukweli una upande wa pili ambao watu wa umri wetu husahau. Tunaogopa kudanganya kwa kufuta, kisha tunadanganya kwa kuongeza. Umemwona mwanao akitumia Power Query mara moja, unaiandika kwenye wasifu ili uonekane wa kisasa. Nafasi za mishahara mara nyingi huwa na jaribio la vitendo. Unapewa faili mbili, moja ya mahudhurio na moja ya malipo, zenye tofauti nane zilizofichwa, na dakika 40. Nilishamwona mwombaji mwenye orodha ndefu ya programu mpya akizitafuta tofauti hizo kwa kidole kwenye kioo, mstari kwa mstari. Hakuwa mjinga, alikuwa mhasibu mzuri, lakini baada ya hapo hakuna aliyeamini kitu kingine alichokiandika. Kama nafasi unazoziomba zinataja zana usiyoijua, ifanyie mazoezi kwa mishahara ya mwezi mmoja ya kubuni hadi uifunge mwenyewe bila msaada, kisha iandike. Kama hujafika hapo, iache.

Elimu nayo ina mtego mdogo. Ukiondoa mwaka kwenye stashahada na kuuacha kwenye kozi ya 2023, lile pengo linajitangaza lenyewe, na msomaji anaanza kukisia. Ninachofanya ni kuvitenga. Chini ya "Elimu", stashahada na chuo bila mwaka. Chini ya "Mafunzo ya karibuni", kozi za miaka mitano ya mwisho zikiwa na miaka yake. Kila kundi linakuwa na utaratibu wake na hakuna kinachoonekana kimekatwa. Kama una usajili wa kitaaluma unaohuishwa, andika kwamba uko hai hadi mwaka huu na uache mwaka uliosajiliwa mara ya kwanza.

Kuna matundu madogo pia ambayo umri huvuja: anwani ya barua pepe yenye 1969 mwishoni, tarehe ya kuzaliwa na hali ya ndoa kwenye ukurasa wa kwanza, picha mahali ambapo haikuombwa. Kuna na jina la faili lenyewe. Nimeshapokea "wasifu_mpya_2008.doc" mwaka juzi. Ukurasa wako wa LinkedIn, kama unao, uoanishe na wasifu kwa miaka ya vyeo, kwa sababu tukivutiwa na mtu huwa tunakwenda kuutazama. Kurasa nne zikipunguzwa hivi zitakuwa mbili zenyewe, na usipunguze ukubwa wa herufi ili kuzifikisha hapo.

Sasa lile swali la tatu nililolitaja mwanzoni, mahali unapoambiwa utaje yote. Fomu ya maombi si wasifu. Ikiandika "orodhesha ajira zako zote", au ikikuuliza tarehe ya kuanza kwa kila mwajiri, unaandika 1996, na kile kibarua cha upigaji chapa kinaingia. Ikiuliza mwaka wa kuhitimu na haikubali kuendelea bila huo, unaandika 1991. Ikiuliza tarehe ya kuzaliwa, unaandika yako. Chini ya fomu hizi huwa kuna tamko unalotia saini kwamba taarifa ni sahihi na kamili, na neno "kamili" ndilo linalobadilisha kila kitu: pale kuacha kunakuwa sawa na kudanganya. Kazi za fedha, za usalama, za watoto na za ofisi za umma ndizo zinazoongoza kwa fomu za aina hii, na ndizo zinazohakiki kwa undani. Wasifu wako uliofupishwa hautagongana na fomu hiyo, kwa sababu mistari yake yote ni kweli. Ule wa 2005 ungegongana nayo vibaya.

Ukiulizwa umri kwenye usaili, sheria zinatofautiana. Kuna nchi ambako swali hilo linamweka mwajiri matatani, na kuna nafasi zenye ukomo wa umri uliowekwa kisheria. Vyovyote iwavyo, usidanganye. Jibu namba, kisha ujibu hofu iliyo nyuma ya namba, kwa mfano: "Nina miaka 56. Nimekuwa nikifunga mishahara kwa mfumo wa sasa tangu 2017, na miaka mitatu ya mwisho meneja wangu alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi na zaidi. Tulielewana vizuri." Kama hilo la meneja si kweli kwako, tafuta lako lililo kweli. Usikariri langu.

Sitakuficha kwamba njia hii ina mipaka. Baada ya kupunguza, tuma maombi 15 au 20 kwa nafasi zinazokufaa kweli, uhesabu. Ukianza kuitwa, wasifu ndio uliokuwa umekwama. Ukiitwa mara nne au tano na hupati kazi, usiendelee kukata wasifu, maana umeshafanya kazi yake. Tatizo liko kwenye usaili, kwenye mshahara unaoutaja, au kwenye upendeleo ambao karatasi haiwezi kuuondoa. Na usipoitwa kabisa hata baada ya hapo, nitashuku aina ya nafasi unazoomba. Msimamizi anayeomba ukarani hutiliwa shaka hata akiwa na miaka 40.

Pia kuna milango ambapo umri ni bidhaa, na huko hupaswi kupunguza kitu. Kampuni inayotaka mtu wa miezi sita kusafisha mishahara iliyovurugika, au inayotafuta mshauri wa kuhamisha mfumo, inataka kuona kwamba umevuka mabadiliko ya mifumo mara tatu, kuanzia daftari hadi leo. Kwa hao weka wasifu wa pili wenye 1996 mbele na kifua wazi. Miaka ya kweli ni ileile kwenye wasifu zote mbili, ila umeanza kusimulia mahali tofauti.

Kabla ya kutuma toleo jipya, mtafute mtu anayeajiri kwenye mishahara au uhasibu, si rafiki wa kukusifia, umpe wasifu kwa nusu dakika kisha uuchukue. Muulize anakumbuka nini na anadhani una umri gani. Majibu yake yatakufaa kuliko yangu, kwa sababu mimi sijauona. Na kama katika makubaliano yako ya kuondoka kuna masharti juu ya unachoweza kusema kuhusu kampuni ile, au kama unaona uliachishwa kwa sababu ya umri, hilo mpelekee mwanasheria wa kazi au ofisi ya kazi mapema, na hati zako mkononi. Malalamiko ya aina hiyo huwa na muda wa mwisho, na mara nyingi muda huo ni mfupi.

Yale maombi mawili usiyaache yaendelee kuzunguka. Kurekebisha kabla ya kuitwa ni kazi ya dakika tano. Baada ya kuitwa utakuwa unajitetea. Mwambie kila mwajiri hivi, kwa barua pepe ileile uliyotumia: "Naomba mpokee wasifu wangu uliosahihishwa, uwe badala ya ule wa tarehe fulani. Mwaka wa stashahada ulioandikwa humo haukuwa sahihi, nilihitimu 1991. Pia miaka 2013–2024 ni ya cheo changu cha mwisho. Kampuni niliingia 1996." Usieleze zaidi ya hapo na usiwataje watoto. Hapa inakubidi utaje 1991 waziwazi, kwa kuwa unafuta kitu ulichokisema, na huenda ikakugharimu mojawapo ya nafasi hizo. Ilipie, kisha uanze maombi ya tatu na wasifu mpya usio na mwaka.